Namna ya kununua hisa za mwajiri wako kwa punguzo bila kuiacha akiba yako itegemee kampuni inayokulipa mshahara

Kampuni nyingi ambazo hisa zake huuzwa katika soko la hisa huwapa wafanyakazi wao nafasi ya kununua hisa hizo kwa bei iliyo chini ya ile ya soko, na fedha za ununuzi hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Mwongozo huu unamhusu mfanyakazi aliyepewa fomu ya mpango wa namna hiyo na hajui ajaze nini, na pia yule ambaye ameshiriki kwa miaka kadhaa huku hisa zikirundikana katika akaunti yake bila kuguswa. Msimamo wangu ni kwamba punguzo ni sehemu ya ujira wako, na mara nyingi inafaa kulichukua. Lakini kuendelea kuzishika hisa baada ya kuzinunua ni uamuzi mwingine kabisa, wenye faida na hatari zake. Wengi huufanya uamuzi huu wa pili bila kujua kwamba wameufanya, kwa sababu kutouza hakuhitaji kujaza fomu yoyote.

Hatua ya kwanza: isome hati ya mpango, si kipeperushi

Kipeperushi kinachogawiwa na idara ya rasilimali watu hueleza uzuri wa kuwa mwenye hisa. Masharti yenyewe yamo katika hati ya mpango, ambayo una haki ya kuiomba, na ndiyo itakayotumika siku ya mgogoro. Ndani yake tafuta kwanza namna bei inavyokokotolewa. Mpango wa kawaida hukata asilimia fulani ya mshahara kila mwezi kwa kipindi, tuseme miezi 6, kisha siku ya mwisho wa kipindi fedha zote zilizokusanywa hununua hisa kwa bei iliyopunguzwa, kwa mfano kwa asilimia 15. Baadhi ya mipango hulipiga punguzo hilo kwenye bei ya siku ya mwisho. Mingine hulinganisha bei ya siku ya kwanza na ya siku ya mwisho na kulipiga kwenye iliyo ndogo. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, na nitairudia katika hatua inayofuata.

Jambo la pili la kutafuta ni siku ambayo unaruhusiwa kuuza. Ikiwa unaweza kuuza siku ile ile hisa zinapoingia katika akaunti yako, hatari yako ni ndogo sana. Ikiwa hati inasema kwamba hisa zitafungiwa kwa miaka 3, basi unacholipwa si punguzo tu bali pia ni ujira wa kubeba hatari kwa miaka hiyo 3, na hesabu inabadilika. Tatu, angalia kinachotokea ukiacha kazi au ukiachishwa katikati ya kipindi: je, makato yako yanarudishwa taslimu, na je, hisa ambazo hazijakomaa zinapotea? Kukomaa, kwa maana ya mipango hii, ni hisa ulizoahidiwa kuwa zako kamili baada ya kutumikia muda uliowekwa. Kabla ya hapo ni ahadi tu.

Kodi nayo ina sheria zake katika kila nchi, kwa hiyo muulize mhasibu anayeandaa mishahara swali moja lililo wazi: punguzo hili linahesabiwa kuwa mapato ya ajira, na kama ndivyo, kodi yake inatozwa lini? Katika baadhi ya nchi kodi hupungua ukizishika hisa kwa muda fulani. Nafuu hiyo ipime kama fedha, usiichukulie kama amri ya kushika hisa, kwani bei inaweza kushuka katika miezi michache kwa kiasi kinachozidi kodi yote uliyotaka kuiepuka.

Hatua ya pili: jua punguzo lina thamani gani kwako

Chukua mfanyakazi wa mfano anayekatwa asilimia 10 ya mshahara wake kwa miezi 6. Mwishoni amechangia sehemu 6 kati ya 10 za mshahara wa mwezi mmoja. Kwa punguzo la asilimia 15, kila kiasi cha 85 alichotoa kinampatia hisa zenye thamani ya 100. Faida yake, ikilinganishwa na fedha alizotoa, si asilimia 15 bali ni karibu asilimia 17.6, na fedha zenyewe hazikukaa miezi 6 zote, kwa kuwa makato ya mwezi wa mwisho yamekaa muda mfupi tu. Akiuza siku hiyo hiyo, ameongeza ujira wake bila kutegemea kwamba kampuni itafanya vizuri mwaka ujao.

Mpango unaochagua bei ndogo kati ya mbili ni bora zaidi. Bei ikiwa 100 mwanzoni na 120 mwishoni, atanunua kwa 85 kitu chenye thamani ya 120, yaani faida ya zaidi ya asilimia 41. Bei ikishuka kutoka 100 hadi 80, atanunua kwa 68 kitu chenye thamani ya 80, na faida itabaki ile ile ya asilimia 17.6. Kushuka kwa bei ndani ya kipindi hakumwumizi. Kinachoweza kumwumiza ni kushuka kwa bei baada ya siku ya ununuzi, akiwa bado anazo: ikishuka kwa asilimia 15 kutoka bei ya soko ya siku hiyo, punguzo lote limekwisha, na kila kinachozidi hapo kinakula mtaji wake. Kushuka kwa kiasi hicho kwa hisa ya kampuni moja ni jambo la kawaida, na habari moja mbaya kuhusu mapato ya robo mwaka inaweza kutosha.

Kuna aina nyingine ya mpango ambayo watu huichanganya na hii. Unaweka akiba taslimu kila mwezi kwa miaka 3 au 5, na mwishoni unachagua: ama unanunua hisa kwa bei iliyowekwa siku ya kwanza, ama unachukua fedha zako kama zilivyo. Hapo hakuna hatari ya bei hadi siku ya kuchagua. Hatari huanza pale unapogeuza akiba kuwa hisa na kuziacha, na tangu siku hiyo kila ninachosema hapa kinakuhusu.

Hatua ya tatu: pima mali yako kwa miezi ya mshahara

Watu hupima hisa zao kwa fedha, na kwa kipimo hicho tatizo halionekani. Nashauri upime kila ulichonacho kwa miezi ya mshahara wako, kwa sababu swali utakaloulizwa siku kampuni ikianguka ni la miezi: utaishi muda gani bila mshahara? Chukua karatasi, andika kila akiba uliyo nayo, igawe kwa mshahara wako wa mwezi, kisha kando ya kila mstari andika kama thamani yake inategemea mwajiri wako au la.

Mfanyakazi wetu wa mfano ameshiriki mpango kwa miaka 5, vipindi 10, na hakuuza hata hisa moja. Tuchukulie bei haikubadilika: amechangia mishahara 6 na ana hisa zenye thamani ya mishahara 7 hivi. Kampuni pia imemwahidi hisa za bure zenye thamani ya mishahara 3, ambazo hazijakomaa. Katika akaunti yake ya pensheni, sehemu yenye thamani ya mishahara 4 imewekezwa katika hisa za kampuni hiyo hiyo. Benki ana mishahara 2. Kwenye karatasi ana mishahara 16, na huenda anajiona mtu mwenye nidhamu ya akiba, na kweli anayo. Lakini 14 kati ya hiyo 16 inasimama juu ya kampuni moja, na mshahara wenyewe pia unasimama hapo.

Sasa kampuni ipate msukosuko, bei ya hisa ishuke kwa asilimia 80, naye apunguzwe kazini. Hisa ambazo hazijakomaa zinapotea zote. Mishahara 7 inakuwa 1.4. Sehemu ya pensheni ya mishahara 4 inakuwa 0.8, na kwa kawaida hawezi kuigusa mpaka astaafu. Anachoweza kutumia ni 1.4 pamoja na 2 za benki, yaani mishahara 3.4. Akiweza kubana matumizi yawe asilimia 70 ya mshahara wake wa zamani, atafika karibu miezi 5. Kama angeuza hisa za punguzo kila kipindi na kuziweka fedha mahali pengine palipo salama, hata bila faida yoyote ya ziada na tukiacha kodi kando, angekuwa na mishahara 9 mkononi, na kwa matumizi yale yale angeishi karibu miezi 13. Kampuni ni ile ile, makato ni yale yale, na punguzo ni lile lile. Kilichotofautiana ni kuuza au kutouza.

Ukiandika karatasi yako, usiishie kwenye hisa. Ushirika wa akiba na mikopo ambao wanachama wake wote ni wafanyakazi wa kampuni moja nao una tabia hiyo hiyo: siku ya kupunguzwa wafanyakazi, wengi hutaka kutoa akiba zao kwa wakati mmoja, huku wadaiwa wakiwa hawana mshahara wa kukatwa marejesho. Mkopo wa nyumba uliopewa na mwajiri kwa riba nafuu unaweza kupoteza nafuu hiyo ajira ikikoma. Na nyumba iliyo katika mji unaotegemea kiwanda kimoja hupoteza wanunuzi kiwanda kikifungwa. Sisemi uviepuke vyote. Nasema viandike katika safu inayostahili.

Hatua ya nne: weka kikomo, kisha uza kwa ratiba

Ukishaijua hali yako, chagua kikomo cha hisa za mwajiri katika akiba yako yote. Mimi naona asilimia 10 ni kiwango cha busara, na kwa mtu asiye na akiba ya dharura ya kutosha miezi 6 kikomo changu kingekuwa sifuri. Kiwango hicho cha asilimia 10 kina historia: sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inayosimamia mafao ya wafanyakazi iliwakataza wadhamini wa mifuko ya pensheni yenye mafao yaliyoahidiwa kuweka zaidi ya asilimia 10 ya mali za mfuko katika hisa za mwajiri mwenyewe. Akaunti ambazo mfanyakazi huchagua mwenyewe pa kuwekeza hazikuwekewa kikomo hicho, na ndizo zilizoungua katika Enron, kampuni ya nishati ya Marekani.

Kisa cha Enron kinafahamika kwa udanganyifu wa mahesabu, lakini kwa mfanyakazi somo liko katika mpangilio wa akiba. Mwishoni mwa mwaka 2000, takriban asilimia 62 ya mali katika mpango wa akiba za uzeeni wa wafanyakazi wake ilikuwa hisa za kampuni yenyewe. Bei ilikuwa imefika karibu dola 90 mwezi Agosti mwaka huo. Hisa ambazo kampuni iliwaongezea wafanyakazi kama mchango wake hazikuweza kuuzwa mpaka mtu afike umri wa miaka 50. Kisha, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2001, mpango ulikuwa unahamishwa kutoka msimamizi mmoja kwenda mwingine, na akaunti zote zikafungwa kwa takriban majuma mawili. Katika siku hizo bei ilishuka kutoka takriban dola 15 hadi takriban dola 10, na wenye hisa hawakuweza kufanya lolote. Kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi tarehe 2 Desemba 2001, na siku iliyofuata maelfu ya wafanyakazi waliachishwa kazi. Mshahara na akiba viliondoka pamoja.

Hapa pana jambo ambalo wenye hisa wengi wa ndani hawalifikirii. Hujiambia kwamba wao wapo ndani, wataziona dalili mapema na watauza kabla ya wengine. Dalili kweli huonekana: mishahara inachelewa, wauzaji wa malighafi wanadai walipwe kabla ya kuleta mzigo, mkuu wa fedha anaondoka ghafla, ripoti ya wakaguzi inacheleweshwa. Lakini mfanyakazi anayeuza kwa sababu amejua jambo zito ambalo umma haujaelezwa anatumia taarifa za ndani, na katika masoko mengi hilo ni kosa la jinai. Zaidi ya hapo, kampuni huweka vipindi ambavyo wafanyakazi, au baadhi yao, hawaruhusiwi kuuza wala kununua, hasa majuma yanayotangulia kutangazwa kwa matokeo ya fedha. Kwa hiyo siku unayokuwa na sababu nzuri kuliko zote za kuuza mara nyingi ndiyo siku usiyoruhusiwa.

Dawa ni ratiba iliyowekwa mapema. Mwandikie msimamizi wa mpango kuwa unataka hisa zako ziuzwe kila kipindi mara zinapoingia, kama mfumo wake unaruhusu maagizo ya kudumu. Kama hauruhusu, weka tarehe katika kalenda yako, siku chache baada ya kila tangazo la matokeo, ambapo dirisha la biashara huwa limefunguliwa. Usiangalie bei siku hiyo. Kama una rundo la miaka mingi lililozidi kikomo, ligawe katika mafungu 4 na uuze fungu moja kila robo mwaka. Hutapata bei ya juu kuliko zote, lakini hutauza yote siku mbaya kuliko zote pia. Anza na hisa ambazo zimepanda kidogo tangu uzinunue, au zilizoshuka, ikiwa sheria ya kodi ya nchi yako inakuruhusu kuchagua zipi zinauzwa kwanza, kwa kuwa kodi yake ni ndogo au haipo.

Utakutana na mawazo mawili ya kukuzuia. La kwanza ni kwamba kuuza ni kukosa uaminifu kwa kampuni. Uaminifu wako umo katika kazi unayofanya kila siku, na mali yako kubwa kuliko zote, ambayo ni mishahara ya miaka ijayo, tayari umeiweka kwa mwajiri huyo. La pili ni kwamba kampuni unaijua. Jiulize hivi: kama ungepewa leo fedha taslimu sawa na thamani ya hisa zako, ungetoka kwenda kuzinunua hisa hizo kwa bei kamili ya soko, bila punguzo? Wengi hujibu kwamba wasingenunua kiasi chote hicho.

Hatua ya tano: peleka fedha mahali pasipotikiswa na chanzo kile kile

Fedha za mauzo zikae kwanza katika akiba ya dharura, kwenye benki au hati fungani za serikali za muda mfupi. Zinazobaki zinafaa kuingia katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja wenye hisa za kampuni nyingi za sekta mbalimbali. Epuka kununua hisa za mshindani wa mwajiri wako ukidhani umetawanya hatari. Mfanyakazi wa benki anayeuza hisa za benki yake na kununua za benki jirani bado anategemea hali ile ile ya riba, na mikopo isipolipwa benki zote mbili zitaumia pamoja. Kadiri biashara inavyofanana na ya mwajiri wako, ndivyo hifadhi yako inavyopungua.

Pale ambapo huruhusiwi kuuza

Hisa zilizofungiwa huamuliwa mwanzoni, kwa kiasi unachochangia, kwa sababu baadaye huna la kuamua. Ikiwa kampuni inakuongezea hisa moja ya bure kwa kila moja unayonunua, bei italazimika kushuka zaidi ya nusu ndipo upate hasara, na hapo nadhani inafaa kushiriki hata kama kuna kufungiwa kwa miaka 3, mradi kiasi kilichofungiwa kisizidi kikomo ulichojiwekea. Ikiwa ni punguzo dogo tu na kufungiwa kwa miaka mingi, changia kidogo au uache. Usikope kamwe ili kununua hisa za mwajiri, wala kulipia hisa ulizopewa haki ya kuzinunua: deni litabaki kamili hata hisa zikibaki karatasi, na utalilipa bila mshahara.

Katika kampuni ambayo hisa zake haziuzwi sokoni, bei huwekwa na mthamini, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, na mnunuzi mara nyingi ni kampuni yenyewe. Uliza ina wajibu gani wa kuzinunua tena unapoondoka, na malipo yanaweza kugawanywa kwa miaka mingapi. Kampuni iliyoishiwa fedha haitaweza kutimiza wajibu huo, hata kama bei ya mthamini wa mwaka jana ilikuwa nzuri.

Hatua ya mwisho ni ya siku ya kuondoka, kwa hiari au kwa kulazimishwa. Kabla ya kusaini hati yoyote ya kuachana, pata kwa maandishi orodha ya hisa zako zilizokomaa na zisizokomaa, pamoja na muda wa mwisho wa kutumia haki za kununua hisa. Katika mipango mingi muda huo ni miezi 3 tu, na ukipita haki inakufa. Badilisha pia anwani ya barua pepe katika akaunti ya hisa, kwa kuwa ile ya kazini itafungwa jioni hiyo hiyo na taarifa zote za msimamizi zitaendelea kutumwa huko.